Wasifu wa mtoa mada usiofika maneno mia: kazi ya kikao kimoja cha Bagamoyo, hatua kwa hatua

Asubuhi ya mkutano mshiriki anapewa kitabu cha ratiba mlangoni. Anakifungua amesimama, kikombe cha chai mkono mmoja, andazi juu ya kisahani. Saa tatu kamili vikao viwili vinaanza kwa wakati mmoja katika vyumba viwili tofauti, naye ana dakika kumi za kuamua aingie kipi. Kichwa cha mada hakimtoshi. Anashuka chini yake, kwenye wasifu mfupi wa mtoa mada, na hapo ndipo anapoamua. Dakika chache baadaye wasifu uleule unasomwa kwa sauti na mwenyekiti wa kikao ambaye mara nyingi hajawahi kuonana na mgeni. Kwa hiyo maandishi haya mafupi yana wasomaji wawili: mmoja anayasoma kimya akiwa na haraka, mwingine anayatamka mbele ya watu.

Nimeandaa vitabu vya ratiba vya mikutano ya sanaa na urithi hapa Bagamoyo kwa miaka kadhaa. Nitaeleza ninavyofanya kwa kufuata wasifu mmoja tangu ulipofika hadi ulipochapwa. Mwenye wasifu huo alikuwa mwalimu wa ngoma kutoka Tanga, aliyealikwa kuzungumza na walimu wa sanaa juu ya kuwafundisha ngoma watoto viziwi. Jina lake nimeliacha, hapa ni Bi. N.

Hatua ya kwanza: usiombe wasifu, uliza maswali

Ukimwambia mgeni "naomba wasifu wako", atakutumia alichonacho. Profesa atakutumia kurasa kumi na mbili zenye orodha ya makala. Mtumishi wa serikali atakutumia maelezo aliyoyaandika alipoomba kazi. Fundi au msanii atanyamaza, kwa sababu hana kitu cha namna hiyo na anaona haya kukwambia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwa ajili ya mtu mwenye kikombe cha chai mkononi.

Mimi hutuma ujumbe wa simu wiki tatu kabla ya siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji. Kwa Bi. N. niliandika hivi:

> Shikamoo Mwalimu. Naandaa kitabu cha ratiba, naomba unisaidie mambo sita.
> 1. Jina lako lichapwe vipi, herufi kwa herufi, na litanguliwe na nini: Bi., Mwalimu, au lisitanguliwe na kitu?
> 2. Kazi unayofanya sasa ni ipi, mahali gani, tangu mwaka gani?
> 3. Ulisomea wapi jambo hili? Naomba jina la chuo kama lilivyo kwenye cheti chako, na mwaka uliohitimu.
> 4. Kazi hii ya watoto viziwi ilianzaje?
> 5. Siku hiyo washiriki wataona nini au watafanya nini?
> 6. Kuna jambo usilotaka lichapwe?

Swali la nne na la tano ndiyo yanayozaa wasifu unaosomeka. Mengine yanakupa mambo ya hakika tu. Swali la sita watu hulisahau, na lina uzito wake: yupo mgeni asiyetaka mwaka wake wa kuzaliwa uonekane, yupo aliyehama kazi na bado hajatangaza, yupo asiyependa kutajiwa kijiji chake. Ukiuliza mapema hutalazimika kubandika karatasi juu ya kitabu kilichokwisha kuchapwa.

Bi. N. hakunijibu maswali. Alinitumia wasifu aliokuwa nao, ulioandikwa na mtu mwingine kwa ajili ya semina ya zamani. Ulikuwa hivi, neno kwa neno, isipokuwa jina:

> Bi. N. alizaliwa mwaka 1968 wilayani Muheza mkoani Tanga akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto saba. Alipata elimu yake ya msingi na sekondari mkoani humo kabla ya kujiunga na TaSUBa ambako alihitimu mafunzo ya sanaa mnamo mwaka wa 1992. Yeye ni msanii mahiri, mbunifu na mwenye uzoefu mkubwa ambaye amekuwa akifundisha ngoma kwa zaidi ya miaka 40 ndani na nje ya nchi. Ameshiriki katika semina, makongamano na warsha mbalimbali za kitaifa na kimataifa na kupata vyeti vingi. Ni mwanamke wa kwanza kufundisha ngoma kwa watoto wenye matatizo ya kusikia hapa Tanzania. Kwa sasa Bi. N. ni mwalimu wa sanaa katika shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu jijini Tanga. Pia ni mke na mama wa watoto watatu. Anapenda kusoma, kusafiri na kusaidia jamii.

Ni maneno 126. Nafasi yangu haikuzidi mia, kwa sababu ukurasa wetu ulikuwa nusu ya karatasi ya kawaida ya ofisini, na juu yake kulikuwa na picha, kichwa cha mada na saa ya kikao. Lakini kuzidi maneno 26 ndiyo shida ndogo ya maandishi haya. Hata ukiyakata yafike 90 bado hayajafaa.

Hatua ya pili: hakiki kabla ya kukata

Wengi huanza kwa kupunguza maneno. Mimi naanza na kuhakiki, kwa sababu sentensi nyingi zikishahakikiwa zinaondoka zenyewe, na ile inayobaki unajua kwa nini imebaki.

Chukua kalamu, upigie mstari kila jambo linaloweza kuwa kweli au uongo: mwaka, jina la taasisi, cheo, hesabu, na neno lolote la kushindanisha kama "wa kwanza" au "pekee". Kwenye wasifu wa Bi. N. nilipiga mistari minane. Minne kati yake ilikuwa na tatizo.

La kwanza ni TaSUBa. Yeyote anayeishi Bagamoyo hutaja jina hilo kila siku, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa hiyo jicho linalipita. Lakini mwaka 1992 hapakuwa na TaSUBa. Kilichokuwapo ni Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kikaja kuwa taasisi kwa jina la sasa mwaka 2007. Cheti cha Bi. N. kina jina la chuo, na ukumbini wangekuwamo watu waliosoma naye. Kosa la namna hii halimharibii mgeni maisha, ila mtu mmoja akilibaini kwenye mstari wa pili, ataanza kuushuku na mstari wa tano. Dawa yake ni fupi: andika jina la wakati ule, kisha ongeza jina la leo kwa maneno machache ili kijana asipotee.

Mtego huu uko kila mahali kwetu. Mtu aliyefanya utafiti wa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1990 alikuwa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyochukua nafasi yake, ilizaliwa mwaka 2009. Aliyezaliwa zamani katika kijiji ambacho leo kiko wilaya ya Mkinga, vyeti vyake vitasema Muheza, kwa sababu Mkinga ilimegwa kutoka huko. Sheria ninayoifuata ni moja: mwaka ukitajwa, jina la mahali au taasisi liwe la mwaka huo.

La pili ni "zaidi ya miaka 40". Mtu aliyehitimu mwaka 1992 hawezi kuwa na miaka arobaini ya kufundisha. Sikudhani anadanganya, nilimpigia simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Nimeona hapa miaka arobaini ya kufundisha. Tunaihesabu kuanzia wapi?"

Akafikiri kidogo. "Aliyeandika alihesabu tangu nilipokuwa kwenye kikundi cha ngoma cha shule, nikiwa mtoto. Kufundisha hasa nilianza mwaka tisini na tatu."

Basi ikawa "tangu 1993". Napenda kuandika mwaka kuliko idadi ya miaka, na sababu yangu ni ya kivitendo. Idadi huzeeka. Wasifu ulioandikwa "miaka 25" hunakiliwa kutoka mkutano hadi mkutano, na baada ya muda hakuna anayekumbuka miaka hiyo ilihesabiwa lini. Mwaka wa kuanzia haubadiliki.

La tatu ni "mwanamke wa kwanza". Nilimuuliza alijuaje, akasema aliyemwalika kwenye ile semina ndiye aliyelisema. Hakuna daftari la nchi nzima linaloandika nani alianza kufundisha nini. Dai la "wa kwanza" likikosa ushahidi ulioandikwa, liondoke lote. Usililegeze liwe "mmoja wa wa kwanza", kwa sababu hilo nalo huwezi kulithibitisha, na zaidi halimwambii msomaji kitu.

La nne ni "nje ya nchi". Alikwenda Mombasa siku mbili, akaonyesha ngoma, akarudi. Ni kweli Mombasa iko nje ya nchi, lakini msomaji wa maneno yale angeona ndege na miji ya mbali. Jambo likiwa la kweli huku linampeleka msomaji kwenye picha isiyo ya kweli, ninalitoa.

Hapa niseme juu ya vyeo, ingawa Bi. N. hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu kosa la cheo liliwahi kuniponyoka. Miaka ya nyuma nilichapa "Dk." mbele ya jina la mgeni aliyekuwa bado hajatetea tasnifu yake ya uzamivu. Barua ya mwaliko iliandikwa hivyo, nami nikanakili. Aliposimama alitumia dakika zake mbili za kwanza kusahihisha, uso umemwiva, huku wenzake wawili wa idara wakiwa wameketi mstari wa mbele. Aibu ile niliisababisha mimi, akaibeba yeye. Tangu siku hiyo cheo nakichukua kwa mwenyewe tu. Anayeendelea na masomo naandika "anasomea shahada ya uzamivu", wala simpi "Dk." ya mapema. Kwa watu wa vyuo vikuu tofautisha pia mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, maana kila ngazi ina miaka ya jasho nyuma yake, na mwenye nayo ataiona ikikosewa.

Jambo moja dogo la lugha yetu. Kiambishi "a-" hakisemi kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Kama mgeni anatumia Dk. au Mwalimu na jina lake halijulikani kwa wengi, mwenyekiti anaweza kumkaribisha "Bwana" mtu ambaye ni Bibi. Mimi huweka alama pembeni ya nakala ya mwenyekiti. Kwenye kitabu si lazima.

Hatua ya tatu: tafuta sentensi ya kwanza

Soma tena mwanzo wa wasifu ule: alizaliwa, mtoto wa nne, akapata elimu ya msingi. Sikiliza mpangilio huo. Sisi sote tunaujua, tumeusikia msibani, kabla ya kwenda makaburini, ndugu mmoja anaposimama kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, ameacha mke na watoto. Ni mpangilio mzuri kwa mahali pale. Ukimkaribisha mgeni mwenye uhai wake kwa mpangilio huohuo, ukumbi unatulia kwa namna isiyofaa. Nimewahi kuona mtu akiinamisha kichwa.

Kwa hiyo anza na leo, na ndani ya leo chagua kile kinachogusa mada. Sentensi ya kwanza ijibu swali moja: mtu huyu anafanya nini kinachompa haki ya kuzungumza juu ya jambo hili? Kwa Bi. N. jibu lilikuwa limezikwa kwenye mstari wa tano na wa sita wa wasifu wa zamani. Nikaliinua:

> Bi. N. anafundisha ngoma kwa watoto viziwi jijini Tanga.

Maneno tisa. Hakuna "mahiri", hakuna "mbunifu". Msomaji anasimama kidogo kwa sababu ya maneno mawili yaliyokaa karibu, ngoma na viziwi, na anataka kujua inawezekanaje. Sifa hazikuhitajika. Sifa ni kazi ya mwenyekiti, akitaka ataziongeza kwa mdomo wake. Maandishi yaweke kitendo, na sifa msomaji ataitoa mwenyewe.

Hatua ya nne: tafuta jambo moja la kuonekana kwa macho

Nilipompigia kuhusu miaka, nilimuuliza na lile swali la nne alilolipita. Ilianzaje?

Akaniambia hivi. Mwaka 2006 alikuwa akifundisha darasa la kawaida, watoto wamekaa duara, ngoma kuu katikati. Mtoto mmoja kiziwi alikuwa akiketi pale kila siku kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda saa hiyo. Siku hiyo alikuwa ameegemeza mgongo kwenye ngoma. Wenzake walipoanza kupiga makofi, naye akapiga, na hakukosea. "Nikabadilisha mapigo," Bi. N. akasema, "akabadilika nayo. Nikasimama, nikaweka kiganja changu pale alipoegemea. Ilikuwa inatetemeka mpaka kwenye kiwiko."

Baada ya hapo akaanza kuwavua viatu. Mkono mmoja wa mtoto unakaa juu ya ngoma na miguu peku inakanyaga sakafu ya mbao, kwa sababu mbao hupitisha mtetemo wa ngoma nzito na saruji huuzima. Darasa lake lina jukwaa dogo la mbao lililoinuliwa kidogo kutoka chini, na kazi yote hufanyika juu yake.

Hii ndiyo sababu naomba uzungumze na mgeni kwa simu hata kama ameandika kila kitu. Dakika kumi zinatosha. Kwenye karatasi watu huandika wanachodhani kinastahili kuchapwa, yaani semina na vyeti. Mambo wanayoyajua wao peke yao huyaona ya kawaida mno. Ishara kwamba umefika ni pale mgeni anapoanza kukwambia mkono uliwekwa wapi, sauti ilisikikaje, nani alikuwa amekaa wapi.

Chukua jambo moja tu. Maneno 100 hayabebi visa viwili.

Hatua ya tano: andika, kisha hesabu

Niliweka mpangilio huu: anachofanya leo, namna anavyokifanya, alikojifunzia, kilivyoanza, na kitakachotokea kikaoni. Shule na vyeti vimekuja katikati, mahali ambapo msomaji ameshavutwa na sasa anataka kujua kama mtu huyu ni wa kuaminika.

> Bi. N. anafundisha ngoma kwa watoto viziwi jijini Tanga. Wanafunzi wake hushika mapigo kwa viganja na nyayo: mkono mmoja juu ya ngoma, miguu peku juu ya sakafu ya mbao. Alisomea ngoma na muziki katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, akahitimu mwaka 1992. Tangu 1993 amefundisha katika shule tatu za msingi mkoani Tanga. Mwaka 2006 mwanafunzi kiziwi aliyeegemea ngoma kuu alipiga makofi sawasawa na wenzake. Hapo ndipo kazi hii ilipoanza. Kikaoni ataonyesha hatua nne za somo lake la kwanza. Washiriki wataombwa kuvua viatu.

Maneno 85, pamoja na "Bi. N." ambayo nimeyahesabu kuwa mawili. Jina halisi lilikuwa na maneno matatu, kwa hiyo hesabu ya mwisho ilipanda kidogo na bado ikabaki na nafasi. Mimi hulenga 90 nikiambiwa mia. Zile kumi ni za mgeni: karibu kila mmoja akiusoma ataomba kuongeza kitu, na ukiwa umejaza mpaka ukingoni utalazimika kuvunja ulichokwisha kupanga.

Kompyuta huhesabu maneno kwa kufuata nafasi kati yake. Kwa hiyo "wa", "ya" na "na" kila kimoja ni neno zima. Ukiandikia kwenye simu au kwenye daftari, andika maneno kumi kila mstari, utajua ulipofika bila kurudia kuhesabu.

Kiswahili kinatusaidia sana katika kubana, kama tutakiacha kifanye kazi yake. "Yeye ni mwalimu ambaye anafundisha" ni maneno matano, na "anafundisha" limeshayasema yote. "Mnamo mwaka wa 1992" ni manne, "mwaka 1992" mawili. "Katika mkoa wa Tanga" ni manne, "mkoani Tanga" mawili. "Amekuwa akifundisha" ni "amefundisha". "Ambaye aliegemea" ni "aliyeegemea". Nilipopitisha mabadiliko ya namna hii kwenye rasimu yangu ya kwanza, maneno 14 yaliondoka na hakuna jambo lililopotea. Angalizo ni moja: ukirundika vitenzi vya "aliye-", "anaye-" na "waliyo-" ndani ya sentensi moja, ulimi wa mwenyekiti utajikwaa. Kimoja kwa sentensi kinatosha.

Wapo wageni wanaotuma wasifu ulioandikwa kwa Kiingereza. Usiutafsiri. Chukua mambo ya hakika yaliyomo, funga karatasi hiyo, kisha andika kwa Kiswahili kama vile umesimuliwa. Ukitafsiri utapata watu "wenye shauku ya kuleta mabadiliko" katika kila ukurasa, na wote watafanana.

Mume, watoto watatu, kusoma, kusafiri: vimeondoka. Si kwamba havina thamani, ila havihusiani na mada, na habari za familia ya mtu hazina sababu ya kubaki kwenye kitabu kitakachosambaa. Mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu pia siviweki kamwe. Mshiriki anayetaka namba ataiomba kwa mwenyewe.

Hatua ya sita: mrudishie mgeni, na umwambie aangalie nini

Ukimtumia mtu wasifu wake na kumuuliza "uko sawa?", atajibu "uko sawa" bila kusoma. Mimi huuliza mambo matatu kwa majina: herufi za jina lako, miaka hii mitatu, na neno lolote ambalo usingependa kulisikia likisomwa mbele ya watu. Halafu naweka siku ya mwisho. Asiponijibu nampigia na kumsomea kwenye simu. Wengine husikia kosa ambalo macho yao yalilipita.

Bi. N. alibadilisha neno moja tu, na lilikuwa langu. Rasimu niliyomtumia, tofauti na nakala ya mwisho niliyoionyesha hapo juu, ilibakiza maneno ya wasifu wa zamani, "watoto wenye matatizo ya kusikia", kwa sababu nilidhani ndiyo ya heshima zaidi. Akaniambia, "Mwanangu, wenyewe wanajiita viziwi. Wana lugha yao na wana darasa lao. Ukisema wana matatizo unaanza kuwahurumia kabla hujawaona." Nikalibadilisha sehemu zote mbili. Maneno yanayotaja kundi la watu, yachukue kama wanavyojiita wenyewe au anavyowaita mtu anayeishi nao kila siku.

Hatua ya saba: soma kwa sauti, na linganisha majina

Simama, soma kwa mwendo wa kawaida ukiwa na saa. Wasifu wa Bi. N. ulinichukua chini ya dakika moja. Ukikosa pumzi kabla ya nukta, sentensi ni ndefu. Sentensi ya mwaka 2006 mwanzoni ilikuwa imeunganishwa na ile ya shule tatu, nami nikaishiwa pumzi kwenye "makofi". Nikaikata vipande viwili.

Kisha weka mezani kila kitu kitakachobeba jina la mgeni: bango la mlangoni, kitambulisho cha kuvaa shingoni, ratiba ya siku, cheti cha ushiriki na kitabu. Mara nyingi kila kimoja huandaliwa na mtu tofauti. Jina la Bi. N. lilikuwa na herufi "h" mwishoni kwenye kitabu na halikuwa nayo kwenye kitambulisho. Tulilikuta jioni kazi ikiwa tayari njiani kwenda kwa mchapaji Kariakoo, na kwa bahati alikuwa bado hajaanza. Ukichapia Dar es Salaam huku mkutano uko Bagamoyo, jipe siku mbili za kusahihisha, maana nakala ya majaribio lazima uione kwenye karatasi. Kwenye kioo cha simu herufi iliyokosekana haionekani.

Faili lenye wasifu lipe jina lenye mwezi na mwaka. Mtu wa mkutano mwingine akikuomba, ataona wasifu ni wa lini, naye ampigie mgeni kabla ya kuutumia.

Siku ya mkutano chumba kile kilikuwa na sakafu ya saruji, kwa hiyo tulikodi mbao na kutandika jukwaa la futi chache tangu usiku. Mwenyekiti hakuwahi kuonana na Bi. N. Alifungua kitabu, akasoma maneno yale kama yalivyo, akafika kwenye sentensi ya mwisho. Alipoinua macho, watu wa mstari wa mbele walikuwa wameshainama wanafungua kamba za viatu.